Lalamiko la friza, kutoka Malindi hadi Wete

Dada yangu anakaa Wete na anauza barafu za ukwaju na ubuyu. Msimu wa kusi uliopita alinunua friza mpya mjini Unguja, tukaipakia kwenye bandari ya Malindi pale pale mjini, ikafika Pemba haigandishi. Tuliandika lalamiko hadharani, kampuni ya usafirishaji ikajibu, na tangu hapo watu wamekuwa wakiniuliza tuliandika nini hata tukajibiwa kwa adabu badala ya kupuuzwa au kutishiwa. Hapa naeleza namna lalamiko lile lilivyojengwa, neno kwa neno inapobidi. Jina la kampuni limo ndani ya lalamiko lenyewe pamoja na majibu yao. Hapa silitaji, maana shauri limeshafungwa.

Kwanza mzigo wenyewe. Friza ni ile ya kulala, yenye mfuniko wa juu, lita 200, shilingi 780,000 dukani. Mwenye duka aliichomeka umeme mbele yangu, tukaiacha ikafanya kazi mpaka kuta za ndani zikaanza kushika baridi, kisha akaipaki katika boksi lake na vizuizi vyake vya povu gumu pembeni. Jumamosi tarehe 5 Julai niliifikisha Malindi. Karani wa kaunta akaandika stakabadhi: friza 1, mpokeaji fulani, bandari ya Mkoani, Pemba, nauli shilingi 35,000. Thamani ya mzigo hakuuliza na hapakuwa na pahala pa kuiandika. Nilipiga picha ya boksi likiwa limesimama pale kwenye sakafu ya kupokelea mizigo, pande zote nne, mishale ya kuonyesha juu ikionekana.

Mzigo ulitarajiwa kuondoka Jumapili. Uliondoka Jumatano. Alhamisi shemeji yangu akaupokea Mkoani, akakuta kona moja ya chini ya boksi imetoboka, tundu la kupitisha ngumi. Hapo alifanya jambo moja ambalo bila ya hilo tusingekuwa na lalamiko lolote la kusimamia. Alipoletewa daftari la kupokelea mizigo atie saini, hakutia saini tupu. Aliandika pembeni ya jina lake, "boksi limetoboka kona ya chini nyuma," ndipo akasaini, akaupiga picha ule ukurasa, akalipiga picha boksi likiwa bado ndani ya ghala, kabla halijapandishwa kwenye gari la kuelekea Wete. Watu wengi hutia saini kwanza na kukagua nyumbani. Saini ile maana yake umekiri kwamba umepokea kilicho kizima, na kutoka Mkoani hadi Wete kuna barabara na gari la mtu mwengine ambaye naye angeweza kulaumiwa.

Nyumbani friza ilisimamishwa usiku kucha kabla ya kuchomekwa. Hili nalitaja kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo kampuni yoyote yenye akili itauliza. Friza ikilazwa ubavu njiani, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na mtu akiichomeka papo hapo anaweza kuiharibu mwenyewe. Dada yangu aliisubiri mpaka asubuhi. Akaichomeka, kompresa ikaunguruma vizuri, taa ikawaka, na mpaka Magharibi kuta za ndani hazijapoa hata kidogo.

Kaka yetu mdogo ndiye wa kwanza kushika kalamu. Usiku ule ule alituma kwenye kundi la familia maneno aliyotaka kuyaweka hadharani:

"Ndugu zangu wa Pemba jihadharini na majambazi hawa. Wamemvunjia dada yangu friza kwa makusudi. Mzigo wa siku moja wameukalia wiki nzima. Vijana wao wanarusha mali za watu wanavyotaka. Ukiwapigia simu wanakukatia. Hawa hawa ndio waliotumalizia watu wetu baharini. Msiwape mizigo yenu!"

Sikumlaumu kwa hasira yake. Dada yangu alikuwa ameweka fedha zile kwa muda mrefu, kidogo kidogo, na joto la Pemba halimsubiri muuza barafu. Lakini nilimwomba asiyaweke, na sababu yangu haikuwa woga. Nilimwomba tukae tulipitie kila jambo tuulize: hili nani kaliona? Katika maneno yote yale, kitu pekee alichokiona mtu wa nyumba yetu kwa macho yake ni kwamba friza haifanyi kazi. Na hicho ndicho ambacho hakukieleza vya kutosha.

Chukua lile la vijana kurusha mizigo. Sisi hatukuwapo wakati friza inapakiwa wala inaposhushwa. Isitoshe, mtu yeyote aliyewahi kusimama Malindi anajua kwamba mahamali wanaokokota vikokoteni pale si lazima wawe waajiriwa wa kampuni yenye chombo. Wengine hukodiwa na mwenye mzigo, wengine na wakala, wengine wako bandarini kwa kazi yoyote itakayotokea. Tukiandika "vijana wenu wameirusha," kampuni inahitaji sentensi moja tu kutujibu: hao si vijana wetu. Lalamiko lote litakuwa limeanguka kwa sababu ya kitu tulichokibuni, wakati tuna kitu cha kweli mkononi. Cha kweli ni hiki: mzigo ulikabidhiwa kaunta yao ukiwa na boksi zima, na picha ipo, ulitolewa katika ghala lao ukiwa na boksi lililotoboka, na picha ipo, na maandishi kwenye daftari lao wenyewe yapo. Kilichotokea katikati hatukijui, na hatulazimiki kukijua. Mzigo ulikuwa mikononi mwao. Wao ndio wenye kutueleza.

"Makusudi" likaondoka kwa hoja ile ile. Nia ya mtu haipigwi picha.

Lile la wiki nzima nalo lilikuwa na uongo ndani yake, ingawa kaka yetu hakukusudia kudanganya. Ilikuwa Julai, kusi imekaza. Jumapili na Jumatatu vyombo vya Pemba havikutoka kwa sababu ya upepo mkali na mawimbi, na kila aliyekuwa na safari wiki ile analijua hilo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya bahari na chombo kikabaki gatini, kampuni imefanya linalopaswa kufanywa, na mteja anayelalamikia hilo anaomba watu wahatarishwe kwa ajili ya friza. Lakini Jumanne chombo kilitoka, na friza ikabaki. Siku mbili za upepo hatuna neno nazo. Siku moja ya Jumanne tuna swali nalo, na tuliliandika kama swali: kwa nini mzigo uliopokelewa Jumamosi haukuondoka kwa safari ya kwanza iliyopatikana? Ukichanganya siku tatu zote kwenye kapu moja, kampuni itajibu ile hoja dhaifu ya upepo na kuiacha ile yenye nguvu.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni ile ya watu wetu waliokufa baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikiwa njiani kwenda Pemba, na hakuna mtaa wa Wete au Micheweni ambao haukuguswa. Katika ukoo wetu pia kuna majina. Kampuni tuliyokuwa tunailalamikia haikuwa na uhusiano wowote na chombo kile. Kuiingiza misiba ile katika lalamiko la friza ni kuwadhulumu wafanyabiashara wasiohusika, na naamini ni kuwavunjia heshima marehemu wenyewe, kutumia vifo vyao kupata fidia ya friza. Nilimwambia kaka yetu hivyo hivyo. Alinyamaza muda, halafu akaandika, "Futa hiyo, kweli." Usalama wa chombo ni lalamiko kubwa mno, lina mahali pake, ambapo ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na lina ushahidi wake. Halipaswi kubandikwa nyuma ya lalamiko la mzigo ili liongeze uzito.

Baada ya hapo tukamwita fundi wa mafriji. Nataka nikae kidogo kwa fundi huyu, kwa sababu maneno ya fundi ndiyo uti wa mgongo wa lalamiko la aina hii, na ndiyo ambayo watu huyanukuu vibaya kuliko yote.

Fundi alikuja Jumamosi tarehe 12. Alifungua kifuniko cha nyuma kwenye kompresa, akaangaza tochi, akakuta moja ya mabomba membamba ya shaba yanayotoka kwenye kompresa limepinda mahali ambapo halipaswi kupinda, na chini yake pana alama mbichi ya mafuta. Kwa mtu asiyejua, mafuta yale ndiyo ushahidi wa kwanza, kwani gesi inapotoroka kwenye ufa hubeba mafuta ya kompresa kidogo kidogo na kuyaacha pale pale. Lakini fundi hakuishia hapo. Alipaka povu la sabuni kwenye bomba na halikutoa hata kiputo kimoja, akatueleza kwamba hilo halimaanishi bomba ni zima; gesi ikishakwisha yote hakuna cha kusukuma povu. Akaingiza hewa ya naitrojeni kwa shinikizo, akapaka sabuni tena, na mapovu yakaanza kufura pale penye mkunjo. Tuliirekodi video fupi ya mapovu hayo.

Halafu akalileta lile boksi, akalivisha friza, na lile tundu likakaa sawasawa mbele ya lile bomba. "Hii imeangushwa," akasema.

Dada yangu akataka aandike hivyo hivyo. Nilimwomba fundi kwa simu, "Fundi, tafadhali tuandikie ulichokiona na ulichokipima, hilo la kuangushwa tuwaachie wao." Hakupenda mwanzoni, alihisi ninatilia shaka ujuzi wake. Nilimweleza kwamba ujuzi wake ndio ninaoutaka, na ujuzi wake uko kwenye bomba. Yeye hakuwapo bandarini kama ambavyo sisi hatukuwapo. Friza inaweza kuwa imeangushwa, inaweza kuwa imegongwa na ncha ya mzigo mwengine chombo kilipoyumba, inaweza kuwa imesukumwa na kikokoteni. Basi aliandika: bomba la kutolea gesi kwenye kompresa limepinda na kupasuka, ufa umethibitishwa kwa naitrojeni na sabuni, kuna mafuta mabichi chini ya ufa, mahali pa ufa panalingana na tundu la boksi, kompresa nzima, matengenezo ni kubadilisha kipande cha bomba, kutoa hewa na kujaza gesi, shilingi 130,000. Akatia saini na tarehe. Barua ile haina neno hata moja ambalo fundi wa kampuni angeweza kulipinga bila kuja kuifungua friza mwenyewe.

Malalamiko mengi ninayoyaona yakisambazwa huruka hatua inayofuata, yaani kuipa kampuni nafasi kabla ya umma. Dada yangu alipiga namba iliyoko kwenye stakabadhi Alhamisi alasiri. Alipokea mwanamke, akamsikiliza vizuri, akamwambia atapigiwa. Ijumaa alipiga tena, akaambiwa vile vile. Hakukatiwa simu hata mara moja. Hilo pia tulilirekebisha. Jumatatu tarehe 14 nilipeleka barua ofisini kwao Malindi pamoja na nakala za picha na maelezo ya fundi, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ni muhimu kuliko ubora wa barua, kwa sababu kuanzia siku ile hakuna anayeweza kusema hakujua. Wiki ikapita bila jibu. Jumatatu tarehe 21 niliwatumia maandishi kamili ya lalamiko tulilokusudia kuliweka hadharani, nikawaambia hivi: haya ndiyo tutakayoyachapisha Jumamosi, kama kuna jambo lisilo sahihi tuonyesheni kabla ya Alhamisi jioni tulirekebishe, kama mna maelezo yenu, tutayaweka pamoja na yetu.

Rafiki yangu mmoja aliniambia nimewapa nafasi ya kujitayarisha. Ndiyo, na ndivyo nilivyotaka. Nilikuwa nahitaji wajitayarishe kujibu kuhusu friza, si kujibu kuhusu mimi.

Kuna na upande wa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar pia. Kifungu chake cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mteja anayesema alichokiona na kukionyesha hana sababu ya kukiogopa kifungu hicho. Lakini "majambazi" na "makusudi" ni maneno ya aina nyingine, na mtu anayeyaandika wakati anajua hakuona chochote anajiweka mahali pabaya bila faida yoyote. Kwa sababu hiyo hiyo hatukuweka majina wala sura za wafanyakazi. Kwenye ile picha ya Malindi karani alionekana pembeni, nikaikata. Yeye alipokea mzigo na kuandika stakabadhi kama alivyofundishwa, na kosa la utaratibu wa kampuni si mzigo wa kumbebesha mtoto wa watu mbele ya kisiwa kizima.

Lalamiko lilichapishwa Jumamosi tarehe 26 Julai. Hili hapa, bila ya jina la kampuni:

"Tarehe 5 Julai tulikabidhi friza mpya kwenye kaunta yenu ya Malindi kwa ajili ya kupelekwa Mkoani. Stakabadhi na picha za boksi likiwa zima zimeambatishwa. Mzigo ulipokelewa Mkoani tarehe 10 Julai ukiwa na tundu kwenye kona ya chini nyuma. Mpokeaji aliandika hali hiyo kwenye daftari lenu kabla ya kutia saini. Picha ya ukurasa na ya boksi ndani ya ghala zimeambatishwa. Friza ilisimamishwa usiku mzima kabla ya kuwashwa, na haikugandisha. Fundi amekuta bomba la gesi limepasuka mahali panapolingana na tundu hilo. Maelezo yake yameambatishwa.

Hatujui ni wapi wala ni vipi uharibifu ulitokea, wala hatumtuhumu mtu yeyote kwa jina. Tunachosema ni kwamba mzigo ulikuwa mzima ulipoingia mikononi mwenu na haukuwa mzima ulipotoka.

Tarehe 6 na 7 vyombo havikusafiri kwa sababu ya hali ya bahari. Hilo hatulilalamikii. Tunaomba kufahamu kwa nini mzigo haukuondoka kwa safari ya tarehe 8.

Nyuma ya stakabadhi pameandikwa kwamba kampuni haitawajibika kwa vitu vinavyovunjika. Tunalitaja sharti hilo ili msomaji alijue. Maoni yetu ni kwamba halihusu friza iliyopakiwa katika boksi la kiwandani lenye alama, lakini tuko tayari kusikia maoni yenu.

Tunaomba mambo mawili: mlipe gharama ya matengenezo, shilingi 130,000, na mrudishe nauli ya shilingi 35,000. Tulipiga simu tarehe 10 na 11, tukapokelewa vizuri na kuahidiwa kupigiwa. Barua yetu ilipokelewa kwa muhuri tarehe 14. Mpaka leo hatujapata jibu. Jibu lenu tutaliweka juu ya maandishi haya, kamili, kama mlivyoliandika."

Kaka yetu alipinga aya moja, ile ya sharti la nyuma ya stakabadhi. Alisema tunawapa silaha. Lakini sharti lile wanalo tayari, wamelichapisha wenyewe. Tukilinyamazia, jibu lao litaanza nalo, na wasomaji watajiuliza ni mengine yapi tuliyoyaficha. Tukilitaja sisi, linabaki kuwa jambo la kujadiliwa. Na dada yangu alitaka tuongeze hasara ya biashara, siku zote alizokaa bila ya kuuza. Niliamini kabisa kwamba hasara ile ilikuwapo. Ila hakuwa na daftari la mauzo la kuonyesha kiasi, na takwimu ya kukisia ikikaa karibu na shilingi 130,000 zenye karatasi huitia doa na hiyo yenye karatasi. Tukaiacha.

Watu walianza kusambaza. Wengine walieleza yaliyowapata wao, na hayo tuliyaacha. Mtu mmoja akaandika kwamba nahodha wa chombo kile ni mlevi. Niliifuta sentensi ile na nikamwandikia faraghani kwamba kama ana ushahidi aupeleke kwa mamlaka, maana hilo ni jambo la roho za watu. Hakunijibu.

Kampuni ilijibu Jumanne iliyofuata. Nitalieleza jibu lao kwa haki kadiri niwezavyo, kwa sababu sehemu yake ilikuwa dhidi yetu. Walisema mizigo Mkoani hushushwa na mahamali wa bandari ambao si waajiriwa wao. Walisema mzigo ulibaki tarehe 8 kwa sababu abiria waliokwama siku mbili walipewa nafasi pamoja na mizigo yao, na mizigo isiyo na abiria ikasubiri. Walisema mtumaji hakutoa taarifa kwamba ndani kuna kitu cha kuharibika kwa mtikisiko. Kisha wakasema wamekagua daftari lao, wameyaona maandishi ya mpokeaji, na watalipa matengenezo. Nauli hawatairudisha, kwa kuwa mzigo ulisafirishwa na kufika.

Niliyasoma yale mara mbili nikitafuta mahali ambapo wamekanusha sentensi yetu hata moja. Hapakuwapo. Lile la mahamali lingetuvunja kama tungekuwa tumeandika "vijana wenu." Hatukuandika, kwa hiyo likageuka kuwa maelezo yanayowahusu wao: nani anawajibika kwa hamali anayeshusha mzigo ambao mteja amelipia mpaka Mkoani? Kwa maoni yangu ni yule aliyechukua nauli. Kuhusu ile Jumanne ya tarehe 8, jibu lao lilinitosha. Watu waliolala bandarini siku mbili wana haki ya kutangulia mbele ya friza. Kuhusu taarifa ya kitu cha kuharibika, stakabadhi imeandikwa "friza" kwa mkono wa karani wao, na nilieleza hivyo chini ya jibu lao kwa mstari mmoja, bila kuongeza.

Jibu lao tuliliweka juu, lote, kama tulivyoahidi. Fedha zilitumwa kwa simu ya dada yangu wiki iliyofuata, na siku hiyo hiyo tukaongeza mstari unaosema zimelipwa, na tarehe. Mstari huu wengi huusahau. Mtu anayelalamika Julai na asirudi kusema amelipwa Agosti anaiacha kampuni ikiadhibiwa kwa deni lililokwisha.

Nauli tuliiacha. Dada yangu angeweza kulipeleka suala hilo na lile sharti la nyuma ya stakabadhi kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambayo ndiyo yenye kazi ya kumlinda mtumiaji hapa visiwani, na faili lake lilikuwa tayari limekamilika. Aliamua shilingi 35,000 hazimtoshi kuacha biashara. Mimi bado naona sharti lile ni baya na linahitaji kuangaliwa na mtu mwenye mamlaka, kwa sababu limechapishwa kwenye kila stakabadhi na wengi wanaolisoma wanaamini hawana haki yoyote.

Baadaye mtu wa kampuni alinipigia, kwa upole, akaomba tulifute lalamiko kwa kuwa yameshaisha. Nilimwambia nitamuuliza mwenyewe. Dada yangu akasema lisifutwe, maana lina stakabadhi yao na lina jibu lao, na atakayelisoma ataona kwamba wamelipa. Akaniambia pia nimwambie yule bwana kwamba mwezi ujao ana katoni za vifuko zinatoka mjini, na atawapa wao wazilete.